Vanguard 2009: wenye magari wanalia oili, matangazo ya kiwanda yanazungumzia mikanda. Nisome wapi?

Dada_Raskazone

Assalamu alaykum, na habari za jioni wote.

Nipo Tanga mjini. Natafuta gari la familia, watu sita na safari za Lushoto kwa wazazi. Jirani yetu anauza Toyota Vanguard ya 2009, injini ya lita 2.4 yaani 2AZ-FE, siti safu tatu. Dashibodi inasoma kilometa 118,000. Bodi safi, haina kelele, na bei yake iko chini kidogo ya wenzake.

Kabla sijatoa hela nimekaa nikasoma kila nilichokipata, nikaona mambo mawili ambayo hayakutani kabisa. Kwa wenye magari kilio ni kimoja: linakula oili. Wa hapa nyumbani wanasema, na wenye RAV4 na Camry za Marekani wanasema vilevile. Nikaenda kwenye matangazo ya kiwanda ya kurejesha magari ili nione Toyota wenyewe wanasemaje kuhusu oili. Sikuona kitu. Nilichokiona ni tangazo kubwa la Februari 2016, RAV4 na Vanguard karibu milioni 2.87 dunia nzima, na sababu yake ni mikanda ya siti za nyuma. Nikarudi kwa wenye magari kutafuta aliyelalamikia mikanda, sikumpata hata mmoja.

Kama oili ni ugonjwa wa kweli, mbona kiwanda kimenyamaza? Na kama mikanda ni hatari, mbona hakuna aliyeona? Naomba mwenye ujuzi anieleweshe namna ya kusoma haya, maana huyu jirani nampenda na sitaki tuje tugombane.

---

Mkonge77

Dada, jibu ni jepesi. Kiwanda kikikosea kinarejesha magari, hakioni haya. Angalia mifuko ya hewa ya Takata, Toyota na wenzake wamerejesha mamilioni. Kwa hiyo kama hakuna tangazo la oili, ujue injini haina kosa. Wanaolia ni wale wanaoweka oili ya dukani isiyojulikana imetoka wapi na kupitisha kilometa elfu kumi bila kubadili. Injini yoyote utaiua hivyo. Chukua gari.

---

Abuu_Pangani

Mimi nina Noah ya D4, injini 1AZ. Asubuhi inatikisika na ikipata moto inazima kwenye foleni. Na yenyewe ni AZ hiyohiyo, kwa hiyo dada kaa mbali na AZ zote. Fundi wangu anasema nibadili manifoldi. Mnashaurije?

---

FundiMakorora

Dada Raskazone, wa alaykum salaam. Umesoma vizuri kuliko wateja wangu wengi, na umegusa penyewe. Nitakujibu kwa urefu.

Tangazo la kurejesha magari ni jambo la usalama. Sheria za Marekani na Japani zinakibana kiwanda pale kosa linapoweza kuua au kujeruhi mtu: breki, usukani, mkanda, mfuko wa hewa, moto. Injini kula oili haimo humo. Inakuchosha, inakumalizia hela, lakini gari linaendelea kutembea na dereva anaweza kuongeza oili. Kwa hiyo hata ugonjwa uwe kwenye kila injini waliyotengeneza, ukiutafuta kwenye matangazo hayo hutauona. Mkonge77, hapo ndipo ninapotofautiana na wewe kaka yangu. Ukimya wa tangazo hausemi lolote kuhusu oili.

Kiwanda hakikunyamaza, kilisema mahali pengine. Mwaka 2011 Toyota Marekani waliandikia karakana zao waraka wa ufundi, namba yake T-SB-0094-11, kuhusu injini hii ya 2AZ-FE na ulaji wa oili. Dawa waliyoitaja ni pistoni mpya zilizobadilishwa muundo pamoja na ringi zake. Baadaye wakaongeza muda wa dhamana kwa ugonjwa huo kwenye magari kadhaa ya kule yenye injini hiyo, yakiwemo Camry na RAV4. Waraka wa namna hii hauendi kwa mwenye gari, unaenda kwa fundi. Ndiyo maana dada ukitaka kujua tabia ya injini au gia boksi, tafuta nyaraka za karakana na dhamana zilizoongezwa. Kiwanda hakitumii hela kuunda pistoni upya kwa sababu ya watu wanaochelewa sevisi.

Mikanda ni kinyume chake. Fremu ya chuma ya siti ya nyuma inaweza kuukata mkanda gari likigonga kwa nguvu kwa mbele. Mwenye gari atalalamikaje? Anaendesha miaka kumi, mkanda unavuta, unarudi, kila kitu kizuri. Kosa linajitokeza siku ya ajali tu. Kwa hiyo wenye magari wanakwambia kinachowasumbua kila siku, na tangazo linakwambia kilichojificha. Mtu anayehesabu matangazo na kusema gari lenye matangazo mengi ni bovu anachanganya vitu.

Abuu, Noah yako ni 1AZ-FSE. Hiyo inanyunyizia petroli ndani ya silinda moja kwa moja, na kaboni inajaa kwenye njia za hewa. Herufi za ukoo ni zilezile lakini pistoni si hizo na upigaji wa petroli si huo. Anzisha uzi wako nikujibu huko, tusimchanganye dada.

---

Mkonge77

Fundi nimekuelewa kuhusu tangazo. Lakini oili mbaya inaua ringi, hilo hulikatai.

---

FundiMakorora

Silikatai hata kidogo. Nieleze kinachotokea ndani muone vyote viwili vinavyokutana.

Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu zinazuia mgandamizo usitoroke. Ya tatu, ya chini, kazi yake ni kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini kupitia vitundu vidogo vilivyo kwenye pistoni. Kwenye 2AZ-FE za miaka hiyo vitundu hivyo vinaziba kwa kaboni mapema. Oili inakosa njia ya kurudi, ringi inaganda kwenye mfereji wake, oili inabaki ukutani na kuungua pamoja na petroli. Ukichelewesha sevisi au ukitumia oili hafifu kaboni inajaa haraka zaidi. Kwa hiyo uzembe unauharakisha ugonjwa, ila mlango uliachwa wazi na muundo.

Hapa nataka mafundi wenzangu wasome pia. Ukipima mgandamizo wa injini ya namna hii, mara nyingi utaukuta mzuri, kwa sababu ringi mbili za juu bado zinafanya kazi. Fundi anamwambia mteja "injini nzima," mteja analipa, na baada ya mwezi kijiti cha oili kimekauka. Mgandamizo mzuri hauitakasi 2AZ.

---

Shamte_Spea

Nauza spea Ngamiani. Nathibitisha anayosema fundi kwa upande wa dukani. Wanaokuja kununua ringi peke yake kwa injini hii, baadhi yao nawaona tena wakiuliza pistoni. Pistoni ya zamani ukiipa ringi mpya bado ina vitundu vilevile. Na wanaokimbilia injini ya mtumba kutoka Japani wajue wanaweza kununua ugonjwa uleule.

Swali langu kwa fundi. Wateja wananiambia Vanguard ina matatizo ya gia boksi pia, ile ya CVT. Mbona hilo hukuligusa?

---

FundiMakorora

Swali zuri Shamte, na litamsaidia dada kujua namna ya kupima kilio.

Mimi nikisoma malalamiko ya wenye magari, neno "bovu" nalipita. Naangalia kama watu wasiojuana, wa nchi tofauti na wenye mafundi tofauti, wanaeleza kitu kilekile, kwenye kifaa kilekile. Kisha naangalia kama kuna waliofungua wakaona kwa macho, na waliorudi kusema walirekebisha nini na kama kilipona. Mtu mmoja aliyeshusha injini akapiga picha vitundu vilivyoziba namthamini kuliko watu hamsini wanaosema "usinunue." Zaidi ya hayo naangalia kama injini ileile kwenye mabodi mengine ina kilio hichohicho. 2AZ-FE imo kwenye Camry, Estima, Alphard, RAV4. Kilio kikifuata injini kokote inakowekwa, ujue kiko kwenye injini, hakiko kwa madereva wa Vanguard.

Sasa chukua gia boksi ya Vanguard. Malalamiko yapo, lakini yamesambaa: huyu inavuma, huyu inachelewa kuondoka, huyu inatikisika. Ukiwahoji, na mimi nawahoji wanaoletwa gereji, wengi wao tatizo lilianza baada ya sevisi. Unakuta mtu kamwagiwa oili ya kawaida ya otomatiki badala ya oili ya CVT. Ugonjwa unaoanza baada ya mkono wa fundi unamhusu fundi kwanza. Siwezi kusema boksi hiyo haina kasoro, nasema ushahidi wake haujakaa sawasawa na wa oili.

Na wingi wa kelele uugawe kwa wingi wa magari. IST zimejaa hapa mjini, lazima usikie vilio vya IST kila siku. Gari ambalo mji mzima yako machache halina wa kulisema, na hilo halilifanyi kuwa zuri.

---

KijanaWaMuheza

Fundi naomba kueleweshwa. Wamarekani RAV4 ya lita 2.4 iliishia 2008, kuanzia 2009 wakapewa injini ya 2.5. Vanguard iliendelea na 2AZ mpaka 2013. Sasa malalamiko ya kule yatamsaidiaje mtu mwenye Vanguard ya 2009 kwenda juu? Huenda Wajapani walishabadilisha pistoni.

---

Shamte_Spea

Huyu kijana kauliza jambo. Mimi dukani nimesikia pande zote mbili.

---

FundiMakorora

Ni hoja ya kweli. Malalamiko ya nje yanaishia pale gari lao na letu linapoachana. Kwa 2009 siwezi kulihukumu gari kwa mwaka wake, nitalihukumu kwa kulipima. Dada, jirani anakubali gari lipimwe?

---

Dada_Raskazone

Anakubali. Ijumaa anakwenda nalo Dar na kurudi Jumapili. Mimi sina kifaa chochote, niambie tu cha kufanya.

---

FundiMakorora

Vizuri sana, Tanga na Dar kwenda na kurudi ni kama kilometa 700, inatosha kukupa picha.

Asubuhi kabla hajawasha, gari likiwa sehemu tambarare, toa kijiti, kifute, kirudishe, kitoe tena. Ongeza oili mpaka iguse alama ya juu kabisa, isizidi. Piga picha kijiti na kilometa za dashibodi. Akirudi lilale palepale, asubuhi iliyofuata muongeze tena mpaka alama ileile, safari hii kwa chupa yenye alama za mililita. Chupa ya mtoto ya maziwa inafaa. Kiasi ulichomimina ndicho kilicholiwa. Usikadirie kwa macho kwenye kijiti. Na muombe asiongeze njiani, akiongeza aseme ni kiasi gani.

Kipimo cha Toyota Marekani kilikuwa hivi: kama injini inakula kwoti moja, karibu mililita 950, ndani ya maili 1,200, yaani kama kilometa 1,900, imefeli na inatengenezwa. Utalinganisha na hapo.

Mkipata nafasi lipelekeni Lushoto pia. Mkishuka kuelekea Mombo kwa gia ndogo bila kukanyaga mafuta, injini inavuta kwa nguvu na oili inapanda kupita ringi mbovu. Mkifika chini kwenye tambarare akanyage mafuta ghafla, na mtu wa gari la nyuma aangalie bomba. Moshi wa bluu hapo ni dalili. Ila moshi wa asubuhi tu unaotoka mara moja na kukata unaweza kuwa sili za valvu, na hiyo ni kazi ndogo zaidi.

---

Dada_Raskazone

Wakuu nimerudi. Amesafiri na kurudi, hakuongeza njiani, na namwamini. Kilometa 704. Asubuhi tumemimina mililita 300 ndiyo ikafika alama. Lushoto hatujaenda.

Nimepiga hesabu: mililita 300 kwa kilometa 704, kwa kilometa 1,900 ni kama mililita 810. Chini ya 950. Kwa hiyo limefaulu?

---

Mkonge77

Limefaulu. Nilisema chukua.

---

FundiMakorora

Hesabu yako ni sahihi dada, lakini neno "limefaulu" tulitazame. Ile 950 ni mstari wa kuamua nani alipiwe matengenezo na kampuni. Haukuwekwa kusema chini yake injini ina afya. Ya jirani yako iko karibu na mstari.

Geuza hesabu iwe ya maisha yako. Ukifanya sevisi kila kilometa 5,000, kwa kasi hii injini itakula lita mbili na kidogo kabla ya sevisi inayofuata. Injini hiyo inabeba lita nne na kidogo. Maana yake asiyefungua boneti mpaka siku ya sevisi anamalizia safari na nusu ya oili, na taa ya oili inawaka kwa kukosa presha, si kwa kupungua, ikiwaka umeshachelewa. Watu wengi walioua injini hizi hawakuuliwa na ringi. Waliuliwa na kutokuangalia kijiti.

Kitu kingine kinachoumia ni masega kwenye ekzosi. Oili inayoungua inayachafua taratibu, na gari linaanza kukosa nguvu. Mwambie fundi ayaangalie, na atoe plagi zote nne. Plagi yenye mafuta meusi inakuonyesha silinda ipi imeanza.

Ningekuwa mimi, ningelinunua kwa bei ya gari linalohitaji pistoni na ringi, na hiyo kazi ni kushusha injini yote. Nisingelilipia bei ya gari zima.

---

KijanaWaMuheza

Mimi sikubaliani sana. Gari lina miaka mingi, mililita 300 kwa safari ya Dar ni kawaida. Baba ana gari jingine kabisa linakula zaidi ya hapo na linadunda. Kilometa 118,000 zenyewe zinaweza kuwa zimekatwa, huenda ni 200,000, na kwa umri huo si ugonjwa, ni uchakavu.

---

FundiMakorora

Kama zimekatwa basi hoja yako ina nguvu, na kwa chupa ya maziwa hatuwezi kutenganisha hayo mawili. Kama silinda zimekwaruzika au vitundu vimeziba utaona ukishafungua. Kwa mnunuzi gharama ni ileile.

---

Dada_Raskazone

Nimewaelewa wote, na nitazungumza na jirani juu ya bei. Na mikanda je? Nimekwama kwenye namba ya chesisi. Nimeweka kwenye tovuti ya Marekani ikakataa.

---

Shamte_Spea

Itakataa. Ile inataka tarakimu na herufi 17. Magari ya soko la Japani yana namba fupi, yako itaanza na ACA33 au ACA38, kisha kistari na namba saba. Hiyo unaipeleka kwenye tovuti ya Toyota Japani, sehemu ya kutafuta matangazo kwa namba ya chesisi. Ni ya Kijapani, tumia simu kutafsiri. Utakuta mafungu matatu: kurejeshwa kwa sheria, hatua za uboreshaji, na kampeni za huduma. Soma yote matatu, la kwanza ndilo zito zaidi kwa usalama.

---

FundiMakorora

Na usiishie kwenye tovuti. Marekebisho yenyewe yalikuwa kuweka kifuniko cha plastiki juu ya fremu ya chuma ya mto wa siti ya nyuma, ili mkanda usikatwe. Ingiza mkono pale mkanda unapopita, kwa tochi. Ukigusa chuma kitupu, kazi haikufanyika. Gari likitoka Japani kabla ya tangazo la 2016, kule hakuna aliyelishika.

---

Dada_Raskazone

Nimeingiza mkono sasa hivi kwa jirani. Chuma kitupu pande zote mbili. Nimeshtuka kweli, watoto wangu ndio wangekaa hapo.

Kuna aliyewahi kufungiwa hivyo vifuniko kwa wakala wa hapa nchini, kwa gari la mtumba?

---

Abuu_Pangani

Mimi sijawahi, ila kama kuna anayejua na Noah yangu niulizie.

---

Shamte_Spea

Nitauliza wanaoagiza kama kifuniko kinauzwa peke yake. Dada nitumie namba ya chesisi inbox, usiiweke hapa.

---

KijanaWaMuheza

Mimi bado nataka aliyefungua 2AZ ya Vanguard ya 2011 au 2012. Mwenye nayo ajitokeze.

---

Mkonge77

Binamu yangu Korogwe ana ya 2012. Anasema anaongeza kidogo kila sevisi.

---

FundiMakorora

Kidogo kiasi gani kaka, na baada ya kilometa ngapi? Mwambie ajaze mpaka alama ya juu kesho asubuhi, aandike kilometa, na akifika 1,900 apime kwa chupa. Hiyo namba iletwe hapa pamoja na mwaka na herufi za chesisi.